Sifa mmoja, picha nane



Wiki tatu zilizopita tuliahidi hadithi ya picha ya kuwasomea watoto nyumbani, ile ya mtoto aliyepotea usiku wa volkano. Imechelewa, na wengine mmetuuliza sababu. Sababu ni Sifa mwenyewe. Sifa ndiye msichana wa hadithi, ana miaka saba, na katika picha za kwanza tulizotengeneza kwa telefone alikuwa wasichana wanane mbalimbali. Leo tunaeleza namna tulivyomrudisha kuwa mtoto mmoja, kwa kuwa tunajua vikundi viwili kati yenu vimeanza kutengeneza hadithi zao kwa njia hiyo hiyo na vinakutana na taabu ile ile.

Kwanza tukumbushe hadithi yenyewe, maana taabu yote imetoka humo. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ililipuka. Watu walikimbia usiku, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mpaka kwenda Gisenyi. Siku iliyofuata UNICEF ilisema kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Wengi wenu mlikuwa njiani usiku ule na hamhitaji kuelezwa. Katika hadithi yetu, Sifa anauachilia mkono wa mama yake katika msongamano. Anafanya kile tunachotaka kila mtoto wa Goma akijue: hakimbii huku na huku, anamwendea mtu wa Msalaba Mwekundu, anataja jina lake, jina la mama yake na jina la kartie yao. Kisha sauti inatangaza kwa kipaza sauti: msichana, gauni la njano, mfuko mwekundu kifuani. Mama yake anasikia, anageuka, anamwona.

Mmeona shida iko wapi. Mama anamtambua mtoto kwa gauni. Kama gauni limebadilika katikati ya hadithi, hadithi imekufa. Tulipoonyesha picha za kwanza kwa watoto wa darasa la kwanza, tulipofika ya tano mmoja alisema, "Mwalimu, huyu si yeye." Mwingine akauliza, "Na Sifa ameenda wapi?" Mtoto ambaye hajajua kusoma anasoma picha. Ukimbadilishia uso, kwake ni mtu mwingine ameingia.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kufikiri kwamba mashine inamjua Sifa. Tuliandika maagizo manane, kila moja kwa maneno yake: "msichana mdogo wa Goma amevaa gauni la njano anakimbia", kisha "Sifa analia barabarani", na kuendelea. Mashine haikumjua. Kila picha inaanza upya kabisa, kutoka kwenye chembechembe ovyo kama mchanga uliomwagwa, na mashine inazisafisha chembe hizo hatua kwa hatua hadi zifanane na maneno uliyoandika. Maneno "msichana mdogo, gauni la njano" yanawafaa wasichana maelfu, na mashine inachagua mmoja wao. Mara ya pili inachagua mwingine. Jina "Sifa" halimsaidii chochote ikiwa hakuna picha iliyofungwa kwenye jina hilo.

Mtu mmoja alitushauri tutumie namba ya kuanzia, ile ambayo programu nyingine zinaiandika `seed` kwenye skrini. Namba hiyo inarudisha mchanga ule ule wa mwanzo. Ni kweli, ukiweka namba ile ile na maneno yale yale, katika programu ile ile, utapata picha ile ile. Lakini sisi hatutaki picha ile ile, tunataka mtoto yule yule akifanya jambo lingine. Ukibadilisha "anakimbia" kuwa "ameketi", mchanga ni ule ule lakini njia ya kuusafisha imebadilika, na uso unabadilika nao. Namba peke yake haikutusaidia.

Kilichotusaidia ni kuipa mashine picha ya Sifa pamoja na maneno. Wachoraji wa kawaida wanajua jambo hili tangu zamani. Mchoraji wa hadithi za katuni, kabla ya kuchora ukurasa wa kwanza, anamchora mhusika wake kwenye karatasi moja: mbele, ubavu, mgongo, akicheka, akilia. Karatasi hiyo inabaki mezani hadi kazi imalizike. Akili, yule msichana wa katuni za Ubongo kutoka Dar es Salaam ambaye watoto wetu wanamtazama, ni yule yule katika kila kipindi kwa sababu wanaomchora wote wanaangalia Akili mmoja. Nasi tulihitaji karatasi ya Sifa. Tuliiita picha mama.

Picha mama yetu inamwonyesha Sifa amesimama wima, mwili mzima kuanzia nywele hadi viatu, mara tatu katika picha moja: mbele, ubavu na mgongo. Nyuma yake ni peupe, hakuna nyumba, hakuna mlima, hakuna kivuli kikali. Usimweke katika mandhari, kwa sababu mashine itabeba mandhari hiyo hadi kwenye picha nyingine. Tuliwahi kupata ukuta wa darasa umesimama katikati ya barabara ya Sake. Na usitumie picha ya uso peke yake. Kile ambacho mashine haijaonyeshwa, inajibunia, ndiyo maana Sifa wa kwanza alikuwa na kambambili, kisha raba, kisha miguu mitupu.

Kabla ya kuitengeneza picha hiyo, tulikaa jioni nzima tukichagua nguo, na ilikuwa jioni yenye faida. Mwanzoni tulitaka kitenge, kwani mtoto wa Goma katika siku ya sherehe utamvalisha nini tena? Mashine haiwezi kushika kitenge. Inaelewa kwamba ni kitambaa chenye maua, lakini haikumbuki ni maua gani. Majani ya picha ya kwanza yakawa samaki katika ya pili na miduara katika ya tatu, ingawa tuliipa picha ya kufuata. Chapa ndogondogo zinazojirudia, mistari ya shuka, herufi zilizoandikwa kwenye fulana, vyote vinayeyuka. Basi tukachagua gauni la rangi moja, njano, na alama moja tu kubwa: mfuko mwekundu.

Mfuko tuliuweka kwanza upande wa kushoto wa kifua, kama mashati mengi yalivyo. Sifa alipogeuka kutazama upande wa pili, mfuko ulihama kulia. Mashine haijui kushoto na kulia kwa mwili wa mtu, inajua tu upande wa picha. Tungeweza kupigana nayo kila siku. Tukauhamishia mfuko katikati ya kifua, na ugomvi ukaisha. Kwa sababu hiyo hiyo Sifa hana bangili kwenye mkono mmoja, wala alama kwenye shavu moja.

Nywele nazo. Misuko myembamba ya kulala kichwani ni mizuri, lakini mashine haihesabu. Leo misuko minane, kesho kumi na tano, kesho kutwa inaning'inia mabegani. Tulimpa mafungu mawili ya mviringo, moja kila upande wa kichwa, juu ya masikio. Faida yake tuliiona baadaye: hata Sifa akionekana kwa mgongo, hata akiwa kivuli cheusi mbele ya moto, umbo la kichwa chake linatosha kumtambulisha.

Na kumbukeni jarida letu linatolewa kwa fotokopi nyeusi na nyeupe. Njano inakuwa karibu nyeupe, nyekundu inakuwa kijivu cha kukolea. Kwa hiyo mfuko unaonekana. Kama tungechagua gauni la kijani na mfuko mwekundu, kwenye telefone lingependeza sana, lakini kwenye karatasi mfuko ungepotea, kwani rangi hizo mbili zikitolewa rangi zinakaribiana. Kabla ya kukubali nguo ya mhusika wenu, ifungueni picha katika telefone, iondoeni rangi, muone kinachobaki.

Hapo tukaandika maneno ya Sifa katika kaye, mara moja, na tukakubaliana kwamba hakuna atakayeyabadilisha. Ni haya:

```
Sifa: msichana Mwafrika wa miaka 7, ngozi ya kahawia iliyokolea,
uso wa mviringo, nywele nyeusi katika mafungu mawili ya mviringo
juu ya masikio. Gauni la njano lisilo na chapa, linafika magotini,
mikono mifupi, kola nyeupe ya mviringo, mfuko mmoja mwekundu
katikati ya kifua. Kambambili za bluu.
Mchoro wa mistari myeusi na rangi bapa. Si fotografia.
```

Kila agizo lina sehemu mbili: maneno haya yakinakiliwa herufi kwa herufi, kisha sentensi moja au mbili za tukio. Msishawishike kuandika mara hii "gauni la njano" na mara nyingine "nguo ya manjano nzuri". Kwetu ni kitu kimoja. Kwa mashine neno "nzuri" linaweza kuleta riboni na marinda. Kama programu yenu haielewi vizuri neno fulani la Kiswahili, liandikeni kwa Kifaransa, lakini likiisha kuwa la Kifaransa libaki la Kifaransa hadi picha ya mwisho.

Ile sentensi ya "si fotografia" ina sababu mbili. Ya kwanza ni ya kazi: katika mchoro wa mistari, tofauti ndogo ya pua au macho haionekani sana, lakini katika picha inayofanana na ya kamera jicho linaikamata mara moja. Ya pili ni nzito zaidi. Mnajua namna picha za watoto waliopotea zinavyozunguka katika WhatsApp mjini kwetu. Picha kama ya kamera ya msichana analia usiku, na nyuma yake moto wa Nyiragongo, ikitoka katika kikundi chetu na kuachana na hadithi yake, mtu ataituma kama tangazo la kweli na watu wataanza kumtafuta mtoto ambaye hayupo. Mchoro hauwezi kudanganya hivyo. Vilevile hatukutumia picha ya mtoto yeyote wa kweli kama picha mama, hata watoto wetu wenyewe. Sifa tulimtengeneza kwa maneno.

Tulitumia programu ya Gemini ya Google, ambayo tangu Agosti 2025 ina uwezo wa kupokea picha na kumbakiza mtu yule yule katika picha mpya. Ziko nyingine. Wenye Midjourney, ambayo ni ya kulipia, waliletewa amri ya `--cref` mwaka 2024 na kisha `--oref` katika toleo la 7. Kazi yake ni ile ile, kuielekeza mashine kwenye picha ya mhusika. Njia tunayoieleza haitegemei programu moja.

Sasa kosa letu la pili, ambalo lilitupotezea siku mbili. Tulipopata picha ya kwanza nzuri, tukaitumia kutengeneza ya pili. Ya pili tukaitumia kutengeneza ya tatu, na kuendelea mbele. Kila picha ilifanana na ile iliyotangulia, kwa hiyo hatukuona kitu. Tulipoziweka zote sita kwa mstari, tulishtuka. Ngozi ya Sifa ilikuwa imefifia kidogo kila mara, hadi ya sita alikuwa mtoto mweupe kuliko wa kwanza. Kola ilikuwa imekua ikafunika mabega. Na Sifa mwenyewe alikuwa amefika kama miaka kumi na miwili. Ni kama kutoa fotokopi ya fotokopi: kila moja inaongeza doa lake, na doa la jana leo linachukuliwa kuwa sehemu ya karatasi.

Dawa yake ni kurudi kwa picha mama kila mara. Picha ya pili inatoka kwa picha mama, ya tatu inatoka kwa picha mama, ya nane vilevile. Hamtoki kwa picha ya pili kwenda ya tatu. Na kwa kila picha fungueni mazungumzo mapya ndani ya programu, kwa sababu katika mazungumzo marefu mashine inachanganya picha zote ulizokwisha kuipa, nzuri na mbovu pamoja. Wekeni picha mama, nakilini maneno ya kaye, ongezeni tukio. Kwa mfano, picha ya nne yetu:

```
Mtoto katika picha hii ni Sifa. Usibadilishe uso, nywele, nguo
wala viatu vyake. [maneno ya kaye]
Tukio: usiku, Sifa amesimama peke yake kando ya barabara, anatazama
huku na huku. Machozi mashavuni, midomo imefungwa. Watu wazima
wanapita nyuma yake kama vivuli. Mbali, anga nyekundu juu ya mlima.
Gauni lake ni la njano vilevile.
```

Tazameni jinsi kilio kilivyoelezwa. Tulipoandika "Sifa analia kwa uchungu", mashine ilichora uso mpya kabisa, wenye mikunjo kama ya bibi. Tulipotaja machozi na midomo tu, uso ulibaki. Na ile sentensi ya mwisho juu ya gauni iliongezwa baada ya moto wa volkano kuligeuza gauni kuwa la rangi ya chungwa. Hapa mtu aamue: mwanga mwekundu kweli unabadilisha rangi ya nguo, na mchoraji mzuri angefanya hivyo. Lakini mtoto wa miaka sita atasema gauni si lile. Tukaubakiza moto mbali na njano ikabaki njano.

Wale watu wa vivuli nyuma yake hatukuwaweka kwa uzuri. Mashine ikichora umati wa nyuso nyingi, rangi za mhusika zinawarukia. Katika jaribio moja wanawake watatu barabarani walikuwa na magauni ya njano yenye mifuko myekundu. Katika hadithi ambayo alama ya kumtafuta mtoto ni gauni hilo, tulicheka, kisha tukafuta.

Kuruka huko kwa rangi kulikuwa kukali zaidi mama yake Sifa alipoingia. Mama alivaa kola nyeupe ya binti yake, na binti akafungwa kitambaa cha kichwa cha mama. Tulimtengenezea mama picha mama yake mwenyewe, kando, na tukamchagulia rangi za mbali na za Sifa: kitambaa cha kichwa cha zambarau, blauzi ya zambarau, pagne ya bluu nyeusi isiyo na chapa. Kisha tunaweka picha zote mbili katika agizo moja na kusema wazi ya kwanza ni nani na ya pili ni nani. Hata hivyo inakosea mara moja kati ya mbili au tatu. Kwa hiyo tulipanga hadithi upya ili wawe pamoja katika picha mbili tu, ya kwanza na ya mwisho. Katikati, Sifa yuko peke yake, na ndivyo hadithi inavyotaka.

Jambo jingine tulilolipanga upya ni umbali. Sifa akiwa mdogo sana katika picha, uso wake unaharibika, macho yanaungana. Si lazima uso uonekane kila mara. Katika picha tatu kati ya nane tunamwona kwa mgongo, na mafungu mawili ya nywele na gauni vinatosha.

Kitu kimoja kilitushinda kabisa, nacho ni chukudu. Katika picha ya tatu baba mmoja anapita na chukudu iliyobeba magodoro. Mashine ilileta baiskeli, kisha mkokoteni wa punda, kisha kile kichezeo cha chuma cha watoto wa Ulaya. Tulieleza ni chombo cha mbao, magurudumu mawili, usukani kama pembe, kinasukumwa kwa mguu. Tukaipa hata picha ya ile sanamu ya dhahabu ya mzunguko wetu. Ilichora sanamu, na mtu wa dhahabu juu yake, anakimbia volkano. Mwishowe mwalimu mwenzetu anayejua kuchora aliichora chukudu kwa kalamu, tukaikata kwa mkasi na kuibandika kwenye picha kabla ya fotokopi. Mkiangalia vizuri mtaona ukingo wa karatasi.

Kwa ukaguzi, msitazame picha moja moja. Ziwekeni nane kwa mstari, ndogo, kwenye skrini moja au mezani, na mzipitie kwa kitu kimoja kila safari: safari ya kwanza nywele tu, ya pili kola na mfuko, ya tatu viatu, ya nne rangi ya ngozi. Macho yanayotafuta kila kitu kwa pamoja yanasamehe mengi. Kwa umri tuna kipimo rahisi. Pimeni kichwa cha mtoto kwa kidole, kisha hesabuni kinaingia mara ngapi katika urefu wake. Sifa wa picha mama ni vichwa vitano. Picha iliyompa sita na nusu tuliikataa bila kubishana, hata kama uso ulikuwa mzuri. Akisimama na mama yake, fungu lake la nywele linafika kiunoni kwa mama, si begani.

Kisha mpeni mtoto ambaye hajasikia hadithi. Msimwambie jina. Mwonyesheni picha mama, mkamwambie amtafute huyu katika zile nyingine. Asipositasita, imepita. Picha ya tano yetu ilianguka mara mbili katika mtihani huo, kwa kuwa mashine ilikuwa imeufunika mfuko kwa mikono ya Sifa iliyokunjwa. Sisi watu wazima tulijua mfuko uko chini ya mikono. Mtoto hakujua.

Mtajiuliza juu ya gharama. Kwa picha nane tulitengeneza ishirini na tisa, pamoja na zile za siku mbili zilizopotea. Programu ya bure inaweka kikomo cha picha kwa siku, kwa hiyo tuligawa kazi katika siku kadhaa, na hapo ndipo kaye na picha mama zilipotuokoa: kesho yake mashine haikumbuki chochote cha jana. Picha mama ihifadhiwe katika telefone mbili. Na mkitumiana kwa WhatsApp, itumeni kama dokima, si kama picha ya kawaida, kwani WhatsApp inaipunguza, na mashine ikipewa picha iliyofifia inajaza yenyewe yale yaliyofifia. Mwenzetu mmoja alitumia nakala iliyopunguzwa, na kola ya Sifa ikawa skafu.

Kuna jambo moja hatukuliweza na tumeliacha. Masikio ya Sifa hayafanani katika picha ya sita na ya saba. Mtoto yeyote hajalitaja.

Hadithi iko katika kurasa mbili za katikati ya toleo hili. Mnapowasomea, simameni kwenye picha ya saba, pale anapotangazwa kwa kipaza sauti, kabla hamjafungua ya nane. Muulizeni mtoto Sifa amevaa nini. Kisha muulizeni yeye: jina lako nani, mama anaitwa nani kwa majina yote, mnakaa kartie gani, avenii gani. Darasani kwetu wengi walijua gauni la Sifa hadi rangi ya kambambili. Watoto kumi na mmoja hawakujua jina la mama yao zaidi ya "Mama".